Copy OK Haitoshi: Jinsi ya Kuthibitisha Nakala ya Sidii Iliyokwaruzika

Programu ya Exact Audio Copy ikimaliza kunakili sidii kwenye kompyuta, huandika maneno mawili chini ya kila wimbo ulioenda vizuri: Copy OK. Mwenye sidii akiyaona hupumua. Muziki umeshaingia kwenye faili, na ile sidii iliyochakaa anaweza hata kuigawa. Lakini kwa sidii yenye mikwaruzo, maneno hayo yanabeba ahadi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Yanasema tu kwamba programu haikuona tatizo. Kama tatizo lilikuwepo au la, hilo ni swali jingine, na jibu lake liko kwenye mistari mingine ya ripoti ileile.

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuanzia kwenye plastiki yenyewe.

Sidii ya muziki, iliyoletwa sokoni na Philips na Sony mwaka 1982, huhifadhi sauti kama namba. Kila sekunde moja ya muziki ina vipimo 44,100 vya sauti kwa upande wa kushoto na vingine 44,100 kwa upande wa kulia. Kila kipimo huitwa sampuli. Sampuli hizo hufungwa katika mafungu yaitwayo sekta, na sekunde moja ina sekta 75. Kwa hiyo wimbo wa dakika nne una sekta 18,000, yaani baiti zipatazo milioni 42. Zote zimepangwa kwenye mstari mmoja mwembamba unaozunguka kutoka karibu na tundu la katikati kuelekea ukingoni, na leza huusoma mstari huo kupitia plastiki angavu yenye unene wa milimita 1.2.

Waliobuni sidii walijua kwamba itashikwa kwa vidole, itaangushwa, itatelezeshwa juu ya meza. Kwa hiyo pamoja na namba za muziki waliweka namba za ziada za kurekebishia makosa, kwa hesabu ya Reed-Solomon, kisha wakazitawanya zote. Sampuli zinazofuatana kwenye wimbo hazikai pamoja kwenye plastiki. Mkwaruzo ukipita, badala ya kumeza kipande kizima cha sauti, hudokoa kidogo kutoka kwenye mafungu mengi, na kila fungu linabaki na namba za kutosha kukokotoa kile kilichopotea. Mpango huu unaweza kurudisha kwa ukamilifu pengo la takriban milimita 2.5 za mstari, ambalo leza hulipita kwa muda wa kama milisekunde mbili sidii inapochezwa kwa mwendo wa kawaida.

Hapo ndipo uelekeo wa mkwaruzo unapokuwa na uzito kuliko urefu wake. Mkwaruzo mrefu unaotoka katikati kwenda ukingoni unaweza kutisha macho, lakini unaukata mstari kwa kuuvuka: kila mzunguko, leza hukutana nao kwa nukta ndogo tu, na pengo linazibika. Mkwaruzo mfupi uliopinda kufuata mzunguko wa sidii ndio hatari, maana unatembea juu ya mstari uleule na kuufunika kwa milimita nyingi mfululizo. Ndiyo maana sidii hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, wala haifutwi kwa kuzungusha. Kitambaa kikikwaruza, kikwaruze kwa uelekeo usio na madhara makubwa.

Pengo likizidi uwezo wa marekebisho, kuna hatua ya pili, na hiyo ndiyo chanzo cha matatizo yote ya kunakili. Kifaa hukisia. Huchukua sampuli iliyo salama kabla ya pengo na iliyo salama baada yake, kisha hujaza katikati kwa thamani inayofanana na jirani zake. Pengo likiwa kubwa zaidi, hunyamazisha sauti kwa muda mfupi. Kwa mtu anayesikiliza redio ya sebuleni huo ni msaada mzuri, kwa sababu sikio mara nyingi halitambui lolote. Kwa mtu anayetaka nakala sahihi ni hasara iliyojificha: faili lina namba ambazo hazikuwahi kuwemo kwenye sidii.

Sidii ya data ya kompyuta haina udhaifu huu kwa kiwango hicho. Katika sekta yake ya baiti 2,352, kwa kawaida baiti 2,048 tu ndizo za mtumiaji. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni ulinzi wa ziada, na draivu ikishindwa kusoma hutangaza kosa. Kwenye sidii ya muziki baiti zote 2,352 ni sauti. Draivu inaweza kukabidhi makisio yake kimyakimya kama vile imesoma kweli.

Exact Audio Copy, programu ya Mjerumani Andre Wiethoff iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, ilijengwa ili kubana mwanya huo. Katika hali yake ya usalama, iitwayo Secure mode, kila sekta husomwa angalau mara mbili. Masomo yakilingana, programu inaendelea mbele. Yakitofautiana, inarudi kusoma eneo hilo kwa awamu za mara 16, na hukubali jibu endapo masomo manane kati ya hayo 16 yanafanana. Ukichagua kiwango cha juu cha uvumilivu, itarudia awamu hizo hadi tano. Ndiyo maana sidii mbovu inaweza kuchukua saa nzima kwenye wimbo mmoja, huku draivu ikikoroma na mwendo wake ukishuka.

Kuna sharti moja la mipangilio. Draivu nyingi huhifadhi kwa muda mfupi kile zilichosoma, ili zikiulizwa tena zijibu haraka. Programu isipoarifiwa kuhusu tabia hiyo, itaomba sekta isomwe upya na kupewa nakala ya jibu la kwanza, bila leza kugusa plastiki tena. Masomo mawili yatalingana daima, na ulinzano huo hautakuwa na thamani yoyote. Kabla ya kazi, basi, Exact Audio Copy huachwa iichunguze draivu na kuwasha hatua ya kukwepa hifadhi hiyo. Kwenye Linux, programu ya whipper hufanya uchunguzi wa namna hiyo kwa amri hii:

```
whipper drive analyze
```

Sasa tuchukue mfano wa sidii ya nyimbo 12 yenye mkwaruzo uliopinda kufuata mzunguko. Mwenyewe ameagiza kila wimbo usomwe mara mbili kamili: mara ya kwanza kwa majaribio, mara ya pili kwa kunakili. Nyimbo 11 zimepita. Ripoti ya wimbo wa saba inasomeka hivi:

```
Track  7
     Suspicious position 0:02:13
     Suspicious position 0:02:14

     Peak level 96.3 %
     Track quality 97.8 %
     Test CRC 5E1A90C4
     Copy CRC B207D13F
     Cannot be verified as accurate (confidence 14)
       [91C0A7E2], AccurateRip returned [3D58F06B]
     Copy finished
```

Mistari miwili ya juu, Suspicious position, ni ungamo la programu: kwenye dakika ya pili, sekunde ya 13 na ya 14, masomo yote yamekwisha na hakuna jibu lililopata kura za kutosha. Imeandika lile iliyoliona linafaa zaidi, bila kulidhamini.

Peak level ni kilele cha sauti katika wimbo. Hakisemi lolote kuhusu makosa, isipokuwa kikibadilika kati ya kunakili mara mbili, jambo linaloonyesha kuwa kuna mahali namba zimebadilika.

Track quality ndiyo huwapoteza wengi. Asilimia 97.8 haimaanishi kwamba asilimia 2.2 ya wimbo imeharibika. Ni uwiano tu kati ya masomo machache kabisa yaliyohitajika na masomo yaliyofanyika kweli. Wimbo wenye 99.2 ambao haukuwa na Suspicious position ulihitaji kurudiwa mahali fulani, lakini mwishowe jibu lilipatikana. Asilimia hiyo inaonyesha draivu ilivyohangaika. Hukumu juu ya faili inatoka kwingine.

Test CRC na Copy CRC ni namba za uhakiki. Programu hupitisha sampuli zote za wimbo kwenye hesabu moja ndefu na kutoa namba fupi. Sampuli moja ikibadilika, namba hiyo hubadilika yote. Hapa mbili hizo hazifanani, kwa hiyo masomo mawili ya wimbo wa saba yametoa faili mbili tofauti. Na mwisho wa ripoti hakuna Copy OK, bali Copy finished: kazi imekwisha, bila kauli kwamba imefaulu.

Ripoti mbaya namna hii haimdanganyi mtu. Mwenye sidii anaiosha kwa maji na tone la sabuni, anaikausha kwa kitambaa laini, anashusha mwendo wa draivu, kisha anarudia wimbo wa saba peke yake. Ripoti mpya ni hii:

```
Track  7
     Peak level 96.3 %
     Track quality 99.4 %
     Test CRC 7A03E5D8
     Copy CRC 7A03E5D8
     Cannot be verified as accurate (confidence 14)
       [C84B1F27], AccurateRip returned [3D58F06B]
     Copy OK
```

Mahali pa kutiliwa shaka pametoweka. Namba mbili za uhakiki zinafanana. Copy OK imeandikwa. Hata hivyo, wimbo bado una kosa.

Shahidi mmoja akihojiwa mara mbili na kurudia maneno yaleyale, mahakama bado ina shahidi mmoja. Ndivyo ilivyo hapa. Draivu ileile imefika kwenye mkwaruzo uleule, imeshindwa mahali palepale, ikakisia kwa kanuni ileile. Makisio yakifanana kila mara, programu haina njia ya kuyatofautisha na ukweli. Kulingana kwa Test CRC na Copy CRC kunathibitisha kwamba draivu ina msimamo. Usahihi unahitaji kauli ya mwingine, aliyesoma plastiki nyingine.

Kauli hiyo ndiyo inayoletwa na AccurateRip, kanzidata ya kampuni ya Illustrate, watengenezaji wa dBpoweramp. Mtu anaponakili sidii, programu yake inaweza kutuma huko namba ya uhakiki ya kila wimbo. Muziki wenyewe hautumwi. Anayefuata akinakili sidii ya aina hiyohiyo, namba zake hulinganishwa na zilizokwishatumwa. Neno confidence 14 lina maana kwamba matokeo 14 yaliyotumwa yamekubaliana kuhusu namba 3D58F06B. Sidii za watu hao kila moja ina mikwaruzo yake, na mikwaruzo miwili haiwezi kuangukia sampuli zilezile na kuzigeuza kwa namna ileile. Wakikubaliana, wamesoma kile kilichotoka kiwandani. Namba C84B1F27 ya mwenye sidii yetu ndiyo iliyo peke yake.

Ili namba zilinganishwe, lazima kwanza draivu zote zianze kuhesabu mahali pamoja. Kila aina ya draivu huanza kusoma mapema au kuchelewa kwa idadi fulani ya sampuli isiyobadilika. Nyingine hupishana kwa sampuli 6, nyingine 102, nyingine 667. Hata sampuli 667 ni kama milisekunde 15 tu, na hakuna anayesikia tofauti, ila namba ya uhakiki hugeuka kabisa. Kwa hiyo programu hutambua aina ya draivu, au hutumia sidii inayojulikana kwenye kanzidata, na kusahihisha mpishano huo mara moja kabla ya kazi.

Kutokana na hilo, kukataliwa na AccurateRip kuna sura tatu, na kila moja ina tafsiri yake.

Nyimbo zote zikikataliwa, huku Test CRC na Copy CRC zikilingana kila mahali, mkwaruzo si mtuhumiwa wa kwanza. Kwa kawaida ama mpishano wa draivu umewekwa vibaya, ama sidii hiyo imetoka kwenye chapa nyingine ya kiwandani ambayo muziki wake umesogezwa kidogo. Nyimbo nyingi zikikubaliwa na moja au mbili zikakataliwa, jambo ni wazi: mipangilio ni sahihi, chapa ni ileile, na hizo zilizokataliwa zina makosa. Sidii yetu iko kwenye kundi hili. Sura ya tatu ni Track not present in AccurateRip database, ambayo si lawama. Ina maana tu kwamba hakuna aliyewahi kutuma namba za sidii hiyo.

Confidence 1 nayo ihitaji tahadhari. Yule mmoja anaweza kuwa mtu huyohuyo, aliyetuma namba zake zenye kosa zamani na sasa anajilinganisha na nafsi yake. Kuanzia mbili, zikiwa zimetoka kwa watu tofauti, ushahidi unakuwa na nguvu.

Wimbo wa saba, basi, unahitaji tiba, na hatua ya kwanza isiyo na gharama ni draivu nyingine. Draivu za watengenezaji tofauti hazifuati mstari kwa ustadi sawa, na pale moja inapokisia nyingine inaweza kusoma. Ikishindikana, mkwaruzo wa upande wa chini unaweza kupunguzwa kwa kung'arisha, kwa sababu huko ni plastiki tupu juu ya data. Wengi hutumia dawa ya meno kwa kazi hiyo. Inasaidia pengine, lakini inakwangua plastiki, kwa hiyo huachwa mpaka njia nyingine zimekwisha. Upande wa juu wenye maandishi ni habari nyingine: tabaka linaloakisi mwanga liko chini kidogo tu ya rangi, na likibanduka, data imeondoka nalo. Sidii ikiinuliwa mbele ya taa na vitundu vya mwanga vikaonekana, hakuna kung'arisha kutakakovirudisha.

Hapo ndipo kanzidata ya pili inapoingia, CTDB, iliyoandaliwa na Gregory Chudov pamoja na programu ya CUETools. Tofauti na AccurateRip, CTDB huhifadhi pia kiasi kidogo cha namba za kurekebishia, kwa hesabu ya ukoo uleule wa Reed-Solomon uliomo kwenye sidii, zilizokokotolewa kutoka nakala za watu wengine. Mwenye sidii anapowapa CUETools nyimbo zote 12, inaweza kumwambia kwa mfano kwamba nakala yake inatofautiana na iliyothibitishwa kwa sampuli 212, karibu na dakika 2 na sekunde 13 za wimbo wa saba. Sampuli 212 hazifiki milisekunde tano. Sikio lisingezigundua, na ndiyo sababu kusikiliza peke yake hakuwezi kuwa kipimo cha mwisho.

Akichagua kurekebisha, programu hukokotoa thamani sahihi za sampuli hizo na kuandika faili jipya. Nyimbo zote zinahitajika kwa sababu hesabu imefanywa juu ya sidii nzima kama kitu kimoja. Uwezo wake una mpaka: mapengo yakiwa mengi mno, itakataa. Na baada ya kurekebisha, faili jipya hurudishwa kwa AccurateRip, ambayo haikushiriki katika matibabu. Ikitoa Accurately ripped (confidence 14) [3D58F06B], kazi ya wimbo wa saba imekwisha.

Kwa wapenzi wa muziki wa Afrika Mashariki, tatizo gumu mara nyingi ni ile sura ya tatu. Sidii iliyotolewa na kampuni ya nje na kusambazwa nchi nyingi, kama zile za mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Paris, ina nafasi ya kuwa imenakiliwa na watu wengine. Sidii ya kwaya au ya taarabu iliyochomwa kwa kompyuta na kuuzwa kibandani haina nafasi hiyo. Hata ikiwa imechomwa kutoka sidii ya kiwandani, uchomaji unaweza kubadilisha urefu wa nyimbo na mapengo kati yake, na kanzidata ikaiona kama sidii nyingine kabisa.

Kwa sidii kama hiyo, mashahidi hutafutwa nyumbani. Wimbo hunakiliwa kwa draivu mbili za watengenezaji tofauti, mpishano wa kila moja ukiwa umesahihishwa, na namba za Copy CRC hulinganishwa. Draivu mbili zisizofanana zikitoa namba moja, uwezekano wa makisio kulingana unapungua sana, ingawa hautoweki, maana mkwaruzo bado ni mmoja. Ushahidi ulio bora ni sidii ya pili ya toleo hilohilo, kutoka kwa ndugu au rafiki. Namba za nyimbo zikilingana kati ya plastiki mbili, hata bila kanzidata yoyote, nakala imethibitishwa kwa njia ileile inayotumiwa na AccurateRip.

Isipopatikana, ripoti huhifadhiwa kwenye folda moja na faili za muziki, pamoja na maelezo mafupi: wimbo wa saba, dakika 2 na sekunde 13, haujathibitishwa. Sidii yenyewe haitupwi. Siku ikipatikana nyingine ya toleo hilo, wimbo huo mmoja ndio utakaosomwa upya na namba zake kulinganishwa.